Mistari imelingana, gurudumu limekaa upande: kisa cha ajasta ya kulia

"Fundi, hivi cheni niliyouziwa ni feki?"

Kijana mwenye pikipiki ndiye aliyeniuliza. Swali la haki kabisa. Seti nzima ya cheni na sproketi ilikuwa imetembea kilomita 4,000 hivi tu, na tayari pikipiki ikisukumwa kwa mkono ilikuwa inatoa mlio wa chuma kinachokwaruzwa. Pikipiki yenyewe ni ya kawaida: injini ya cc 125, rimu za spoki, breki ya dramu nyuma, cheni namba 428 iliyokaa upande wa kushoto. Tairi la nyuma 3.00-18, la mbele 2.75-18. Hakuna kilichobadilishwa isipokuwa vitu vinavyoisha.

Nilichuchumaa nyuma, nikapangusa meno ya sproketi kubwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Upande wa nje wa meno, ule unaouona ukisimama kushoto kwa pikipiki, ulikuwa bado umeshika rangi ya kiwandani. Upande wa ndani, unaotazama spoki, uling'aa kama kijiko, na ukingo wake ulikuwa umekonda hadi ukipitisha kidole unakwaruzwa. Nikaigeuza cheni kidogo mkononi: bati za upande wa gurudumu zilikuwa na njia ya mkwaruzo usoni kwa ndani, pale zinapolitazama jino. Bati za upande wa pili zilikuwa safi.

Hapo suala la cheni feki likaisha. Cheni mbovu huisha kwenye pini na rola, na huisha pande zote mbili. Cheni isiyopakwa mafuta nayo ni hivyo hivyo. Jino linalolika ubavu mmoja linasema cheni inaingia ikiwa imekaa mshazari. Ili nisimjibu kwa maneno matupu nilipima viungo 20 vya cheni vikiwa vimevutwa. Kiungo kimoja cha 428 ni milimita 12.7, kwa hiyo 20 vikiwa vipya ni 254. Vitabu vingi vya pikipiki za aina hii vinaweka mwisho wa matumizi kwenye 259. Yake ilisoma 256. Cheni ilikuwa nzima. Ilichokosa ni njia iliyonyooka.

Kwenye tairi hali haikuwa wazi hivyo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kama milimita moja kuliko la kulia. Peke yake, mimi nisingejenga kesi juu ya milimita hiyo. Barabara nyingi zina mgongo katikati, mzigo hufungwa upande mmoja, na mtu anaweza kuwa na mazoea ya kukaa vibaya. Lakini kwa kuwa sproketi ilikuwa imeshasema, niliiandika hiyo milimita ubavuni mwa karatasi nije kuiangalia tena.

Nilipomwambia gurudumu halijanyooka alikataa, kwa heshima lakini alikataa. "Mistari iko sawa, fundi. Nakaza mwenyewe, nahesabu kila upande." Akanionyesha. Ni kweli. Kila upande wa swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, una alama zilizochongwa, na kila ajasta, ile bolti inayovuta ekseli nyuma ili kukaza cheni, ina kipande cha bati chenye mstari wake. Kushoto mstari ulikaa juu ya alama ya tatu, kulia vilevile, bila hata tofauti ya unene wa mstari. Ulegevu wa cheni katikati ya upande wa chini ulikuwa milimita 25, safi kabisa. Kijana alikuwa amefanya kila anachoelekezwa mtu kufanya.

Kwa hiyo kesi ilikuwa kati ya mashahidi wawili: alama zinasema gurudumu limenyooka, meno yanasema halijanyooka. Kamba ndiyo inayoamua ugomvi kama huo. Ila kabla ya kutoa kamba kuna mambo ya kuondoa njiani, maana kamba hupima gurudumu lilivyokaa wakati huo, na kama gurudumu linacheza, kila ukipima utapata jibu jipya.

Nikaisimamisha kwenye stendi kubwa, nikashika tairi kwa nyuma na kulisukuma kushoto na kulia kwa nguvu. Likicheza pamoja na swingamu nzima, bushi za egemeo la mbele zimekwisha. Likicheza lenyewe ndani ya swingamu, ni beringi. Bushi zikiwa zimekwisha hakuna haja ya kuendelea, kwa sababu unaweza kulinyoosha gurudumu likiwa limesimama, na ukitia gia cheni inalivuta upande wake na kupinda tena. Hapa hakukuwa na mchezo wowote. Nikazungusha gurudumu nikiwa nimeshika kalamu karibu na rimu: liliyumba chini ya milimita moja. Sproketi nayo niliitikisa kwenye hab, ikatulia. Vizuri.

Sasa kamba. Mimi natumia kamba nyembamba ya fundi mwashi, ile ya kupangia matofali, kwa sababu haivutiki ovyo na inaonekana vizuri hata kwenye kivuli. Katikati ya kamba inakaa nyuma ya tairi la nyuma, halafu ncha mbili zinakwenda mbele, moja kila upande, zinapita chini ya injini kati ya miguu ya stendi, zinavuka gurudumu la mbele na kufungwa kwenye tofali lililolazwa sakafuni. Matofali ni mawili, kila moja na ncha yake, ili uweze kusogeza upande mmoja bila kuugusa mwingine. Urefu kutoka sakafuni unautafuta mwenyewe: kadiri kamba inavyopanda kuelekea usawa wa ekseli ndivyo inavyogusa tairi kwa umbali mrefu zaidi na kupima vizuri zaidi, lakini ekzosi, pedali na injini hazikuachii. Kwenye hii nilipata sentimita 12, sawa kuanzia nyuma hadi mbele. Hapo kamba ililigusa tairi sehemu mbili kila upande, ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele.

Kugusa kwenyewe ndiko kwenye ufundi. Tofali likisogea ndani kupita kiasi, kamba inalibonyeza tairi kwenye ukingo wa mbele na kuvunjika mstari hapo. Likisogea nje, inaachia. Unachotaka ni ile hatua ambapo kamba imefika tu. Nalala chini, naangalia uwazi wa mwanga kati ya kamba na mpira, nasogeza tofali hadi mwanga unafungika, narudisha kidogo, nafunga tena. Mara tatu, hadi mkono uelewe. Nikishatulia naipiga kamba kwa kucha: ikiwa imeegemea sana, sauti inakufa pale kwenye tairi.

Jaribio la kwanza lilikataa. Kamba ya kushoto ilifika gurudumu la mbele na kulalia tairi, ikapinda. Hilo peke yake ni habari, lakini si kipimo, kwa sababu kamba iliyopinda haisemi imepinda kiasi gani. Dawa yake ni rahisi. Nilikata vipande vinne vya ubao vya unene mmoja, milimita 10, nikavigandisha kwa tepu ubavuni mwa tairi la nyuma, viwili kila upande, pale kamba inapogusa. Sasa kamba zote mbili zilitoka nje kwa milimita 10 sawasawa, na mbele zikapata nafasi. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kutumia kwenye pikipiki ambayo matairi yake mawili yana upana mmoja. Sharti ni moja: vipande viwe na unene sawa kabisa, kwa hiyo vitoke kwenye ubao mmoja.

Kabla ya kupima mbele, gurudumu la mbele linanyooshwa. Unageuza usukani kidogo kidogo hadi nafasi kati ya kamba na tairi kwenye ukingo wa nyuma wa gurudumu la mbele ilingane na nafasi kwenye ukingo wake wa mbele, upande ule ule. Ukishapata, usiguse usukani tena. Hata kupumua juu yake nakataza.

Tairi la nyuma lina upana wa karibu milimita 80, la mbele 70. Pikipiki ikiwa imenyooka, tofauti hiyo ya 10 inagawanyika 5 kila upande, ukijumlisha 10 za ubao unapata 15 kushoto na 15 kulia. Rula ya chuma ilisoma 6 kushoto na 24 kulia.

Kijana aliomba rula apime mwenyewe. Akapata 6 na 24.

Tofauti ni 18, na nusu yake ni 9. Maana yake mistari yote miwili ya kamba ilikuwa imehamia kulia kwa milimita 9 ilipofika mbele, yaani gurudumu la nyuma lilikuwa linatazama kulia. Ukilitazama kutoka juu, gurudumu hutazama kulia pale ncha ya kulia ya ekseli inapokuwa nyuma kuliko ya kushoto. Hilo linakubaliana na meno: sproketi ikitazama kulia, cheni inayotoka mbele inakuwa kushoto kwa njia ya meno, na bati zake za kulia, za upande wa gurudumu, ndizo zinazosugua jino ubavu wa ndani.

Sasa tuhesabu ni kiasi gani, maana hapa ndipo kamba inapozishinda alama. Kutoka ajasta moja hadi nyingine kwenye pikipiki hii ni karibu milimita 210. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni 1,280. Ukigawanya 1,280 kwa 210 unapata 6 na kidogo. Kwa hiyo kila milimita moja ya kosa kwenye ajasta inaonekana mbele kama milimita 6. Milimita 9 mbele ni sawa na moja na nusu nyuma. Jicho la mtu aliyechuchumaa kwenye mwanga hafifu, akisoma mstari mnene kwenye bati lenye grisi, likikosea nusu milimita halina lawama. Kamba huichukua hiyo nusu na kuigeuza 3, ambazo rula ya kawaida inazisoma bila shida.

Lakini tofauti ya milimita moja na nusu si kosa la jicho. Kijana alikuwa ameoanisha mistari vizuri kabisa. Ama alama moja ilikuwa inadanganya, ama gurudumu halikukaa katikati, ama fremu ilikuwa imepinda. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa kamba hulipita: kamba peke yake haiwezi kutofautisha hayo. Gurudumu lililonyooka vizuri lakini limesogezwa lote kulia kwa milimita 9, kwa sababu spesa zimebadilishana upande au spoki zimevutwa vibaya, litatoa 6 na 24 zile zile. Gurudumu la mbele utaligeuza lifuate kamba, na kila kitu kitaonekana sawasawa na kisa hiki. Ukianza kuzungusha ajasta wakati tatizo ni gurudumu kusogea pembeni, utazifanya kamba zilingane na hapo hapo utaipinda sproketi iliyokuwa imenyooka.

Ndiyo maana nahitaji shahidi wa tatu: umbali kutoka katikati ya bolti ya egemeo la swingamu hadi katikati ya ekseli, kila upande. Umbali huo ukilingana, ekseli imekaa sambamba na egemeo, na sproketi imenyooka, hata kamba iseme nini. Kwa kupimia nilichukua ubao mwembamba ulionyooka, nikapigilia msumari ncha moja utokeze. Msumari unakaa katikati ya bolti ya egemeo, ubao unalala juu ya swingamu, na penye katikati ya ekseli naweka alama ya kalamu. Kisha nahamisha ubao upande wa pili. Sina haja ya kujua ni milimita ngapi, nataka kujua tu kama alama mbili zinakutana. Kushoto niliweka alama. Kulia ekzosi ilinisumbua, ikabidi nilegeze bolti yake moja niisukume kando. Alama ya kulia iliangukia mbali zaidi, na kati ya hizo mbili palikuwa na milimita moja na nusu.

Kamba ilisema moja na nusu, ubao ukasema moja na nusu. Gurudumu lilikuwa katikati, fremu haikuwa na neno, na kosa lote lilikuwa kwenye alama. Kama ubao ungesema sawa kwa sawa huku kamba ikisema 6 na 24, nisingegusa ajasta. Ningeangalia spesa na mvuto wa spoki, na zikiwa safi, ningeipeleka fremu kupimwa.

Ni alama ipi sasa? Nilifungua nati za ajasta, nikazitoa zote mbili nikazilaza juu ya benchi. Ya kushoto ilikuwa na kutu iliyoiva, bati lake limesagika pembeni. Ya kulia ilikuwa mpya kiasi. "Hii ulibadilisha?" Akafikiri. "Ndiyo, ile ya zamani ilikatika uzi. Nikanunua moja." Nikaweka matundu ya ekseli yaoane, bolti mbili nikazishika pamoja. Mistari haikukutana. Kwenye ajasta mpya mstari ulichongwa mbele zaidi ya tundu kuliko kwenye ile ya zamani. Ukiusogeza mstari huo hadi alama ya tatu, ekseli inabaki nyuma ya pale inapopaswa kuwa. Spea ilikuwa ya umbo lile lile, inaingia vizuri, inakaza vizuri, na mstari wake umechongwa kwa ajili ya swingamu nyingine. Tangu siku hiyo kila alipokaza cheni kwa uangalifu alikuwa analipinda gurudumu kwa uangalifu.

Kurekebisha ni kazi ya dakika chache, kama utajua upande wa kugusa. Cheni iko kushoto, na ulegevu wake wa 25 ulikuwa sahihi. Ncha ya kushoto ya ekseli ndiyo inayoamua ulegevu, kwa kuwa sproketi iko karibu nayo. Ncha ya kulia inaamua mwelekeo karibu peke yake. Kwa hiyo kushoto niliirudisha pale pale na sikuigusa tena. Anayekaza kulia kidogo, kushoto kidogo, halafu kulia tena, hufukuza vitu viwili kwa wakati mmoja na mwisho havipati vyote.

Nilikuwa nimeshalegeza nati kubwa ya ekseli, nati ya mkono unaoshikilia bamba la breki, na nati ya fimbo ya breki. Mkono huo ukiachwa umekazwa, bamba linang'ang'ania na ekseli haiendi unakoitaka. Bolti za ajasta hizi ni za M6, na uzi wa M6 wa kawaida unasogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Milimita moja na nusu ni mzunguko mmoja na nusu. Nati ina pande 6, kwa hiyo upande mmoja wa nati ni sehemu ya sita ya milimita, na kwa hesabu ya mara 6, kila upande wa nati unaisogeza kamba mbele kwa karibu milimita 1. Sijui hesabu nyingine ya pikipiki inayojipanga vizuri hivyo. Ukiona kamba inahitaji kuhama 4, unageuza pande 4.

Niliirudisha nati ya kulia pande 9, nikagonga ncha ya ekseli kwa nyundo ya mbao kuelekea mbele hadi ajasta ikakaza. Hili la kugonga usilisahau: ukilegeza nati tu, ekseli haiji mbele yenyewe, inabaki pale pale na unadhani umesogeza. Nikazipanga kamba upya, kwa kuwa gurudumu likigeuka kamba nazo zimehama, nikanyoosha usukani. 14 na 16. Hiyo ni milimita 1 tu mbele, yaani upande mmoja wa nati, na mimi hapo naacha. Tairi lenyewe halina ubavu ulionyooka kiasi cha kudai zaidi; ukilizungusha nusu duara na kupima tena unaweza kupata 15 na 15 au 13 na 17.

Nikakaza nati ya ekseli, nikapima tena kwa mazoea tu. 11 na 19.

Kijana alicheka. Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa najua na nilifanya haraka. Nati kubwa inapokazwa huivuta ekseli pamoja nayo, na ajasta za aina hii zinaivuta ekseli kwenda nyuma tu, hazina cha kuizuia isiteleze zaidi huko nyuma. Dawa ni kuibana ekseli mbele, dhidi ya ajasta zote mbili, wakati wa kukaza. Nilizungushia kitambaa kigumu nikakifanya kama sigara nene, nikakiweka pale chini cheni inapoingia kwenye sproketi ya nyuma, injini imezimwa na gia imetolewa, nikazungusha gurudumu kwa mkono kuelekea mbele hadi kitambaa kikang'atwa kati ya cheni na meno. Vidole viwe mbali, sproketi hukata kidole bila hata injini kuwaka. Cheni ikikakamaa hivyo inaivuta ekseli mbele. Mwenzangu akakanyaga breki ili viatu vijipange katikati ya dramu, nami nikakaza nati hadi kiwango cha kitabu cha pikipiki hiyo. Kitambaa nikakitoa kwa kuzungusha gurudumu kinyume.

Kamba ikasoma 14 na 16. Ubao wenye msumari uliweka alama mbili juu ya moja. Ulegevu wa cheni 25 pale ilipolegea zaidi, na 22 pale ilipokaza, maana cheni iliyokwisha tembea haina urefu sawa kila mahali; ndiyo sababu hupimwa penye kukaza. Nikafunga mkono wa breki, nikarudisha mchezo wa pedali, nikaangalia kama taa ya breki inawaka kwa wakati, maana kusogeza ekseli huvibadilisha vyote viwili.

Ikabaki ile mistari. Kijana alitaka ajasta nyingine ya kulia yenye mstari sahihi, na si wazo baya, ila angeipata wapi akiwa na uhakika? Nilichofanya ni kuchukua msumeno wa chuma na kuchonga mstari mpya kwenye bati la ajasta ya kulia, pale hasa alama ya tatu ya swingamu ilipoangukia wakati kila kitu kimenyooka. Mstari wa kiwandani niliusugua kwa tupa hadi ukapotea. Sasa akikaza cheni nyumbani anaweza kutumia alama tena, na alama zitamwambia ukweli, mradi ajasta hizo mbili zibaki pamoja kwenye swingamu hii. Siku yoyote atakayobadilisha moja, au swingamu ikigongwa, mstari wangu nao utakuwa si kitu hadi kamba ipitishwe upya.

Sproketi tuliiacha. Meno yalikuwa yamekonda ubavu mmoja lakini hayajapinda kama ndoana, na cheni ilikuwa na maisha. Zipo sproketi ambazo ni bamba tupu na zinaweza kugeuzwa ubavu uliolika uje nje. Hii ina ukingo ulioinuka unaokaa kwenye hab, haigeuziki. Nilimwambia arudi baada ya kilomita 1,000 na asiipake cheni mafuta mazito siku mbili kabla, nataka kuona chuma.

Alirudi kwenye 1,200. Ubavu wa ndani wa meno ulikuwa umefifia, ule mng'ao wa kijiko haupo tena, umeanza kushika weusi wa mafuta. Kwenye uso wa ndani wa bati za cheni njia ya zamani ya mkwaruzo ilikuwa imejaa uchafu, ishara kwamba hakuna kinachopita hapo. Mlio ulikuwa umekwisha. Tairi niliangalia kwenye kilomita 3,000: bega la kushoto lilikuwa bado chini ya la kulia kwa milimita ile ile moja niliyoandika. Yote mawili yalikuwa yameshuka, lakini yalishuka pamoja. Kama yangeendelea kuachana ningetafuta kwenye mzigo na kwenye foki, maana nyuma pameshajibu.

Viungo 20 vilisoma 256 na nusu. Akaniuliza kama anaweza kupitisha kamba mwenyewe mara nyingine. Nikampa vile vipande vinne vya ubao.